Saa 41 na nusu zikawa 17: yaliyonikuta kwenye taimshiti

Mwenzenu siku moja Ijumaa jioni niko kwenye daladala natoka Kariakoo, simu ikalia, meseji ya hela. Nikafungua kwa furaha kabisa maana wiki iliyotangulia nilijituma vibaya mno, nikakuta nimepokea Sh 103,800. Nilikuwa nategemea 249,000. Nikadhani nimesoma vibaya, nikafunga nikafungua tena, ni ileile. Nilishuka kituo kisicho changu.

Naandika hii kwa wale mnaoanza kazi za mtandaoni, za kulipwa kwa saa au kwa faili, maana mimi nimepitia zote mbili na baadaye nikawa mimi ndiye ninayeandaa hiyo ripoti inayolipa watu, na huko nako nikaharibu, nitawaambia.

Nilianza kazi ya kunakili sauti, yaani unapewa rekodi watu wanaongea Kiswahili, unaandika neno kwa neno. Kampuni ni ndogo tu, ina mteja wa nje, sisi tuko majumbani kila mtu na laptopu yake na bando lake. Malipo ilikuwa Sh 4,500 kwa faili moja la dakika tano. Mtu akisikia dakika tano anaona rahisi. Sauti ya dakika tano ikiwa safi na mtu mmoja anaongea taratibu unaweza kumaliza kwa dakika ishirini na kitu, ila ikiwa watu watatu sokoni wanakatishana na kuna muziki nyuma unarudia sehemu moja mara saba, unaenda zaidi ya nusu saa na hujakagua.

Mwezi wa kwanza nikatuma mafaili 62. Nilikuwa nahesabu kwenye daftari, kila nikituma napiga mstari. Sitini na mbili mara 4,500 ni 279,000, nikaipangia yote, kodi ya chumba, ada ya mdogo wangu, na kiatu. Ikaja 184,500.

Nikapiga simu kwa mratibu, kaka mmoja mpole sana, nikiwa na hasira. Akaniuliza, "Dada, umeangalia upande wa status?" Sikuwa hata najua kuna huo upande. Nikafungua nikakuta mafaili yangu yamegawanyika, 41 yameandikwa Approved, 12 yameandikwa Submitted na 9 yameandikwa Returned. Kinacholipwa ni Approved peke yake. Yale 12 yalikuwa yanasubiri mhakiki ayasikilize na yale 9 yalirudishwa kwangu nirekebishe na mimi nilikuwa sijui kama yamerudi, yamekaa pale siku nane yananisubiri, sikuwa naangalia.

Halafu kuna kitu cha pili ambacho kinawaumiza wengi kuliko hicho. Ripoti ya malipo ilikuwa inafungwa tarehe 25, na inayohesabika ni tarehe faili lilipopitishwa, siyo tarehe ulipolituma. Faili ulilotuma tarehe 23, mhakiki akalipitisha tarehe 27, hilo ni la mwezi ujao, hata ulilie vipi. Kwa hiyo siku za mwisho kabla ya kufunga ndiyo siku mbaya kuliko zote za kujituma, maana foleni ya wahakiki inakuwa ndefu na kila mtu anatuma kwa pupa. Nilipoelewa hivyo nikabadilisha, nikawa nakimbia mwanzoni mwa mwezi, ikifika tarehe 20 nahamia kwenye yale yaliyorudishwa maana hayo yakisharekebishwa yanapitishwa haraka. Na daftari langu likawa na safu mbili, nilichotuma na kilichopitishwa, na hela naihesabu kwa safu ya pili tu. Ya kwanza ni ya kujifurahisha.

Sasa hili linalofuata ndilo ninalolijutia mpaka leo.

Pamoja na kwamba tulikuwa tunalipwa kwa faili, kwenye ukurasa wa kazi kulikuwa na taima, unabonyeza Start ukianza faili na Stop ukimaliza. Sisi wote tukawa tunajiuliza ya nini wakati hatulipwi kwa saa. Mtu mmoja kwenye grupu la Watsapu akasema wanapima nani mwepesi, wepesi ndio watapewa kazi nyingi. Basi hapo ndipo tulipopotea. Kila mtu akaanza kujifanya mwepesi. Mimi nilikuwa nasikiliza faili zima kwanza taima imezimwa, nikishaelewa ndiyo nabonyeza Start naandika, nikimaliza kuandika nabonyeza Stop, halafu ndiyo nakagua na kutafuta majina ya mitaa nisiyoyajua. Na marekebisho ya faili lililorudishwa sikuwahi kuyawashia taima hata siku moja, niliona kama ni kosa langu sasa nilihesabie muda wa nini.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua pepe kwamba kutokana na ripoti ya muda, wastani wa faili ni dakika 24, kwa hiyo bei mpya ni Sh 3,600.

Nikakaa chini nikajipima kwa ukweli, wiki nzima, kwa saa ya ukutani. Kusikiliza kwanza, kuandika, kukagua, kurekebisha yaliyorudi, ukigawa kwa mafaili yaliyopitishwa ni dakika 38 kwa faili. Kwa bei ya zamani ilikuwa kama Sh 7,100 kwa saa, kwa bei mpya ni kama 5,700. Tumejipunguzia wenyewe kwa vidole vyetu. Na huwezi hata kulalamika, utaenda kusema nini, kwamba ripoti yako uliyoituma mwenyewe ilikuwa ya uongo?

Kwa hiyo wewe unayelipwa kwa kazi moja moja, ukiona kuna taima jua hiyo ndiyo inayopanga bei ya kesho. Iwashe unapolifungua faili, izime ukishatuma, na likirudi iwashe tena. Ila usiiache ikitembea ukienda kupika maana ripoti ikionyesha faili la dakika tano limechukua saa mbili wanalitoa kwenye hesabu kama uchafu, na wakiona yako mengi ya hivyo wanaacha kuuamini muda wako wote.

Nikakaa hapo miezi kadhaa halafu nikapandishwa kuwa mhakiki. Mhakiki analipwa kwa saa, Sh 6,000. Nikajisemea nimeshapumzika na habari za Approved na Returned, saa ni saa, nikikaa nane nalipwa nane. Wiki ya tatu ndiyo ikaja ile meseji ya daladalani.

Tulikuwa tunajaza shiti ya Eksel, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mratibu anajumlisha. Wiki yangu ilikuwa hivi. Jumatatu saa saba na dakika 30, Jumanne 7:45, Jumatano 6:15, Alhamisi 8:20, Ijumaa 6:40, Jumamosi 5:00. Chukua kalamu ujumlishe, ni saa 41 na dakika 30. Mara 6,000 ni 249,000. Sasa mbona 103,800?

Nilimwomba mratibu anionyeshe shiti yenyewe, siyo kwa ubishi, nilimwambia kaka naomba tu nione namba zilikotoka. Akanitumia. Chini ya safu ya masaa kuna jumla, imeandikwa 17:30. Kwenye shiti ya malipo yeye akaandika kwa mkono 17.30, akazidisha kwa 6,000, ikatoka 103,800. Mle ndani kuna makosa mawili tofauti yamelaliana na nilichukua siku mbili kuyatenganisha.

La kwanza ni 41:30 kuwa 17:30. Ukitoa 24 kwenye 41 unabaki na 17, ndiyo siri yenyewe. Eksel inatunza muda kama sehemu ya siku, siku nzima ni 1, saa kumi na mbili ni 0.5, saa moja ni moja ukigawa kwa ishirini na nne. Ukijumlisha ukapita saa 24 inaona imeshapita siku moja na kitu, na kama chumba cha namba kwenye shiti kimepangwa kuonyesha saa na dakika kwa ile `h:mm` ya kawaida, ile siku haikuonyeshi, inakuonyesha kilichobaki tu, kama saa ya ukutani inavyorudi mwanzo. Saa zako hazijapotea, zimefichwa. Ukibadilisha muonekano wa chumba ukaandika `[h]:mm`, na mabano hayo, inaonyesha 41:30.

Nikamweleza, akashtuka, akasema kumbe. Kumbe maana yake kila mhakiki aliyepita saa 24 kwa wiki alikuwa anapunjwa, na wale wa saa 20 walikuwa wanapata zao sawa, kwa hiyo anayefanya kazi sana ndiye alikuwa anaumia. Wengine walidhani ni makato.

Akarekebisha siku hiyohiyo, ikaja nyongeza ya Sh 144,000, jumla nikawa nimepata 247,800. Watu wote tukashangilia kwenye grupu. Mimi nikaangalia tena. 249,000 nilitegemea, nimepata 247,800, pamepungua 1,200. Unaweza kusema 1,200 ni nauli, achana nayo, na kweli nilitaka kuachana nayo. Ila hilo ndilo kosa la pili na lilikuwa linakuja kila wiki kwa kila mtu.

Ameona 41:30, akaandika 41.30. Nusu saa ni 0.5, siyo 0.30. Dakika ziko sitini, desimali iko mia. Ukiandika dakika 30 kama .30 umeipa thamani ya dakika 18, ukiandika dakika 45 kama .45 umeipa ya dakika 27. Na angalieni jambo moja, kosa hili halimwangukii bosi hata siku moja, kila mara linamwangukia mfanyakazi, maana dakika yoyote ukiigawa kwa mia inakuwa ndogo kuliko ukiigawa kwa sitini. Hakuna aliyekusudia, ni hesabu tu imekaa hivyo.

Na wengine wanafanya mbaya zaidi, wanaandika kila siku hivyohivyo halafu wanajumlisha. Nilijaribu na wiki yangu ileile, 7.30 na 7.45 na 6.15 na 8.20 na 6.40 na 5.00, inatoka 40.50, saa nzima imeyeyuka. Sh 6,000 imeenda na hakuna chumba hata kimoja chenye rangi nyekundu cha kukuambia.

Kinachotibu yote mawili ni kuacha kuandika kwa mkono, unaigeuza kuwa saa za desimali hukohuko kwenye kila siku, B ikiwa kuanza na C ikiwa kumaliza:

```
=(C2-B2)*24
```

Chumba hicho ukipange kiwe namba ya kawaida siyo muda, Jumanne itakuambia 7.75 na jumla ya wiki itakuambia 41.5, unazidisha na bei yako basi. Ukisahau ile 24 ukazidisha 41:30 moja kwa moja na 6,000 utapata 10,375, hiyo angalau ni ndogo mpaka inachekesha, utajua tu kuna kitu.

Mimi nikaanzisha kitabia, kila Jumamosi jioni najumlisha zangu pembeni kwa dakika tu, bila saa. Dakika zote za wiki, nagawa kwa 60, nazidisha kwa bei. Wiki ile ilikuwa dakika 2,490. Hapo hakuna Eksel wala nini, kalkuleta ya simu inatosha, na inapaswa kulingana na ripoti mpaka shilingi ya mwisho. Isipolingana hata kwa 1,200 nauliza.

Kidogo niongelee taima za kuhesabu zenyewe maana baadaye mteja alitaka wahakiki tutumie hizo badala ya Eksel. Mbili zilinitesa. Moja, ile taima ilipangwa kwamba kama hujagusa kibodi wala mausi kwa dakika tano inasema uko kimya inakuuliza ubaki na muda au uutupe. Sasa mhakiki kazi yake ni kusikiliza! Nasikiliza rekodi nimeshika tama, mikono imetulia, taima inadhani nimelala. Na mimi kila kikitokea kile kidirisha nilikuwa nabonyeza Discard bila kusoma, nimekizoea kama tangazo. Kabla ya kulaumu sistimu soma unachobonyeza, naongea kwa uchungu.

Ya pili ni majira. Taima ilikuwa imewekwa saa za Kalifonia, na wiki ina kikomo cha saa 40. Wiki yao inaisha Jumapili usiku wa manane kwao, ambao kwetu tayari ni Jumatatu saa nne asubuhi, au saa tano wakiwa kwenye majira yao ya baridi maana wao hurudisha saa nyuma mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo mimi nikianza Jumatatu saa mbili asubuhi, saa zile za kwanza zinaingia kwenye wiki iliyopita, ambayo nimeshajaza 40 zangu tangu Jumamosi, hivyo zinakatwa kama ziada. Nilikuwa napoteza saa mbili kila Jumatatu sina habari, ilipofika Novemba zikawa tatu, Sh 18,000 kwa asubuhi moja, ndipo nikagutuka. Tukaomba ripoti isomwe kwa `Africa/Dar_es_Salaam`, ipo kwenye orodha, mtu wa kule akabadilisha kwa dakika moja. Zile za nyuma sikurudishiwa kwa sababu hazikuwepo kwenye ripoti yoyote na mimi sikuwa nimeandika pembeni Jumatatu hizo.

Basi kwa kelele zangu hizo mratibu alipoondoka wakasema wewe unayejua Eksel shika. Nikawa naandaa malipo ya watu 11, saba wa mafaili na wanne wa saa. Nilijiona mkombozi. Mwezi wa kwanza tu nikawapunja wenzangu.

Ripoti ya mafaili inashuka kama shiti ndefu, kila mstari ni tukio, yaani faili likitumwa likarudishwa linaandika mstari wenye Returned, likitumwa tena likapitishwa linaandika mstari mwingine wenye Approved, namba ya faili ileile. Dada mmoja wa Tanga alikuwa na mistari 67. Nikaona namba za mafaili zinajirudia, nikajisemea aha, hapa kuna kulipa mara mbili, nikatumia ile Remove Duplicates kwenye safu ya namba ya faili. Zikabaki 58. Nikachuja Approved, zikawa 49. Nikalipa 49 mara 3,600, ni 176,400.

Dada akanipigia, hakugomba, akaniambia "mdogo wangu, mimi nina mafaili 58 na yote yamepitishwa, nimeyahesabu na mwanangu usiku." Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ripoti inasema 49. Najisikia aibu kuandika hili kwa sababu ni jibu lilelile nililokuwa nachukia kupewa.

Usiku nikarudi kwenye shiti. Ile Remove Duplicates inabakiza mstari wa kwanza inaokutana nao kutoka juu na kufuta wa chini. Shiti ilikuwa imepangwa kwa tarehe, za zamani juu. Kwa hiyo kwa yale mafaili 9 yaliyorudishwa, ilibakiza mstari wa Returned ikafuta mstari wa Approved. Yaani faili lililofanyiwa kazi mara mbili ndilo lilikosa malipo. Sh 32,400 za mama wa watu. Na alikuwa sahihi mpaka faili la mwisho.

Nikapitia watu wote saba, watano walikuwa wamepungukiwa. Wawili hawakupungukiwa kwa sababu mwezi ule hawakurudishiwa kitu. Niliwaandikia watano wale mmoja mmoja, nikaeleza kosa ni langu na siyo la sistimu, hela ikaenda Jumatatu.

Tangu hapo nafanya kinyume, kwanza nachuja Approved zenye tarehe za mwezi husika, nakopi hizo tu kwenye shiti mpya, halafu ndiyo naangalia kama kuna namba ya faili iliyojirudia. Na kabla ya hapo kwenye ile ripoti yenyewe ambayo sijaigusa nahesabu kila mtu kwa fomula, namba yake ikiwa safu ya B na status ikiwa D:

```
=COUNTIFS(B:B,"T07",D:D,"Approved")
```

Hii ikinipa 58 na shiti yangu safi ikanipa 49 basi najua nimekata nilichotakiwa kubakiza. Ripoti iliyoshuka siigusi kamwe, naiacha kama ilivyo na tarehe kwenye jina, kazi zote nafanya kwenye kopi.

Kwa upande wa saa nako nikapata changu. Wahakiki wawili walikuwa hawana ile taima, mtandao wao ulikuwa wa shida, wakabaki kwenye Eksel, na walipenda kufanya kazi usiku bando likiwa rahisi. Saa tatu usiku hadi saa saba na nusu, yaani 21:00 hadi 01:30. Fomula yangu ikawa inatoa hasi kwa sababu siku imevuka, na ukiipanga kama muda Eksel inajaza alama za reli ##### chumba kizima. Nikatafuta nikapata dawa:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Hii ukivuka usiku wa manane inakupa 4.5 safi kabisa. Nikafurahi nikaiweka kwa kila mtu kila siku, nikasahau.

Sasa kuna kaka mmoja wa Mbeya akaandika kuanza 10:00, kumaliza 2:00. Kwake hakuna utata wowote, saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, ni saa nne za kazi, ndivyo sote tunavyosema saa zetu. Ila Eksel haijui saa za Kiswahili, inasoma 10:00 kama saa nne asubuhi na 2:00 kama saa nane usiku, ikampa saa 16. Badala ya 24,000 akapata 96,000 kwa siku hiyo moja. Na dawa yangu ndiyo iliyosababisha, maana fomula ya zamani ingetoa hasi ningeiona ningeuliza. Mwenzake aliyeandika 2:00 hadi 9:30, yaani saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, alikuwa amekosea vilevile lakini jumla inatoka saa saba na nusu sawasawa, kwa hiyo sikugundua. Inaharibika pale tu mtu anapovuka kutoka saa kumi na mbili kwenda saa moja, iwe ya asubuhi au ya jioni.

Hela ilishaenda. Bosi akataka ikatwe yote wiki inayofuata, 72,000. Yule kaka alishalipa ada ya mtoto, aliona kama bonasi, na kusema kweli ningekuwa mimi ningeona bonasi pia. Tukakubaliana 24,000 kwa wiki tatu na nikamwandikia kabisa ratiba ya makato, kwa sababu kukatwa bila maandishi najua kunavyouma. Akanijibu "sawa dada" tu. Sawa dada ile ilinikaa rohoni.

Siku hizi safu za saa nimezifunga zikubali mtindo wa saa 24 tu, na juu nimeandika kwa herufi kubwa SAA MOJA ASUBUHI = 07:00, SAA MOJA JIONI = 19:00. Siku yoyote ikizidi saa 12 chumba kinakuwa chekundu na simlipi mtu nikiwa na chekundu, nampigia kwanza. Na kila Alhamisi mchana, kabla hela haijatoka Ijumaa, namtumia kila mtu mistari yake yeye peke yake, siyo jumla, mistari yote, siku kwa siku au faili kwa faili, na nampa mpaka saa mbili usiku aseme kama kuna kisicho sawa. Wengi hawafungui, najua. Yule dada wa Tanga hufungua kila wiki na mwanawe wanahesabu.

Alhamisi iliyopita saa moja na nusu usiku akaniandikia, "mdogo wangu faili la 0418 silioni." Nikaenda kuangalia. Lilipitishwa tarehe 25 saa tano na dakika 50 usiku, mimi nilikuwa nimeshusha ripoti saa nne. Nikaliongeza.